UZI: Muhtasari wa riwaya ya Tendaguru. Nitenganishe vipi yaliyotokea na aliyoyatunga mwandishi?

BintiRondo

Habari zenu wadau. Nipo Lindi mjini, nina kiofisi cha kuchapa na kutoa kopi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea riwaya yake aliyoiandika kwa mkono kwenye kaunta buku, nami nimeichapa yote. Sasa mchapishaji wa Dar anataka muhtasari wa kurasa mbili, na ndani yake ajulishwe wazi ni yapi yaliwahi kutokea na yapi ni ya kutunga. Mzee macho yamechoka, kaniomba niuandike mimi.

Hadithi kwa kifupi. Kijana wa Kimwera anabaki yatima kwenye njaa iliyokuja baada ya Maji Maji. Anashuka Lindi kutafuta kibarua, na mwaka 1909 Wajerumani wanamwandika mpagazi wa kubeba mifupa ya mijusi wakubwa kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandarini. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti, anampenda na kumfundisha kuchimba. Kijana anachimbua mjusi mzima, ndiye yule aliyesimamishwa Berlin. Kuna sura Boheti anagombana na Mjerumani mkuu usiku hemani juu ya ujira. Kuna sura sanduku la mifupa linazama pale Lindi wakati wa kupakia. Mwisho ni mwaka 1937, yule kijana sasa mtu mzima, baharia anamwonyesha picha ya mjusi akiwa amesimama Berlin.

Nilivyoanza mimi ni hivi:

"Mwaka 1909 Sattler, Fraas na Janensch walifika Tendaguru wakaona mfupa mkubwa. Waliajiri vijana wa Kimwera akiwemo mhusika mkuu. Boheti alimwambia Janensch kwamba wapagazi hawatabeba tena mpaka waongezwe ujira. Baadaye kijana aligundua mjusi mkubwa kuliko wote duniani, ambaye yuko Berlin hadi leo."

Nikisoma naona kama nimeandika historia, lakini najua nusu yake mzee katunga. Na yeye nikimuuliza ananijibu "yote kweli, babu alinisimulia". Nisaidieni.

Tukutane_Mikindani

Huyo mjusi arudishwe nyumbani kwanza! Miaka zaidi ya mia wanakula kiingilio cha mali yetu. Lindi tungepata watalii, tungepata barabara. Serikali iseme lini analetwa.

BintiRondo

Ndugu, hilo linastahili uzi wake na mimi ningechangia. Hapa nauliza muhtasari.

Mzee_wa_Mingoyo

Binti, hongera kwa kazi, na mfikishie mwalimu shikamoo yangu. Nimefundisha historia kwa muda mrefu na habari za Tendaguru nimezifuatilia kwa mapenzi, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Aya yako ina sentensi nne, na kila moja imechanganya mambo kwa namna yake. Tuanze na ya kwanza maana ndiyo rahisi kuikagua. Sattler alikuwa mhandisi wa madini, na yeye ndiye aliyeripoti mfupa ule mkubwa mwaka 1906. Fraas alitoka Stuttgart, akafika mwaka 1907, akachukua mifupa kadhaa akarudi kwao. Janensch alikuja na mwenzake Hennig mwaka 1909 kwa niaba ya makumbusho ya Berlin, na hao ndio walioanza uchimbaji mkubwa. Hawa watatu hawakusimama pamoja kilimani mwaka 1909. Naamini mwalimu anajua hivyo. Amekusanya miaka mitatu katika asubuhi moja ili msomaji asichoshwe na wageni wanaokuja na kuondoka. Ni haki yake kama mtunzi. Lakini wewe ulipoitoa sentensi hiyo ndani ya riwaya ukaiandika kwa "walifika", umeigeuza kuwa tamko la historia, na hapo imekuwa kosa lako, siyo lake.

Ninachokushauri ni kitu kidogo lakini kinabadilisha kila kitu. Yanayotokea ndani ya riwaya yaandike kwa wakati uliopo: kijana anashuka, Boheti anakataa, sanduku linazama. Yaliyotokea duniani yaandike kwa wakati uliopita: Fraas alifika, uchimbaji ulianza. Msomaji ataona mpaka bila wewe kumrudia kila mara "katika riwaya, katika riwaya".

Kisha chapa rasimu yako ukiacha pambizo pana. Chukua kalamu ya risasi, kwenye kila sentensi jiulize: nani alikuwepo akaandika? Ukipata jibu, weka K ya kumbukumbu. Usipolipata, weka T ya tungo. Utashangaa ni sentensi ngapi zitataka herufi mbili kwa pamoja, na hizo ndizo za kukaa nazo.

Korosho_Daraja_la_Kwanza

Mzee kasema vizuri. Mimi naongeza njia nyepesi: tafuta vitu ambavyo havikuwepo enzi hizo. Ukiona mikorosho kwenye riwaya ya 1909 jua ni uongo, maana korosho huku Kusini imekuja juzi tu, wakati wa Mwingereza. Hapo unaweka T bila kujiuliza mara mbili.

BintiRondo

Eeh, mkorosho upo! Sura ya saba kijana anapumzika chini ya mkorosho karibu na Lindi. Na wanalipwa shilingi na senti.

Mzee_wa_Mingoyo

Korosho, umeshika nusu. Mashamba makubwa ya mikorosho na biashara yake kweli ni mambo ya baadaye, wakati wa Mwingereza. Ila mti wenyewe uliletwa na Wareno kwenye pwani yetu karne nyingi kabla. Mpagazi kupumzika chini ya mkorosho mmoja karibu na mji wa pwani mwaka 1909 si ajabu hata kidogo. Angepita katikati ya mashamba ya mikorosho yaliyopangwa mistari ningeshtuka.

Pesa ndiyo ya kushtukia. Wakati wa Mjerumani watu walilipwa rupia na hela, na tangu 1904 rupia moja ilikuwa hela mia. Shilingi na senti zimekuja na Mwingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hapo mwalimu kateleza, na ni vizuri umwambie kabla riwaya haijaenda.

Lakini angalia jambo moja. Kitu kilichokosewa wakati hakikuambii kwamba tukio lenyewe ni la kutunga. Watu walilipwa kweli, sarafu ndiyo imekosewa. Na kinyume chake pia: sura inaweza kuwa haina kosa hata moja la sarafu, mavazi wala miti, na bado yote imetungwa. Mtunzi mzuri hufanya utafiti ili kile alichotunga kikae sawasawa. Kwa hiyo njia ya Korosho inakamata makosa ya mwandishi. Ubunifu wake haiugusi.

Na usisahihishe kimya kimya kwenye muhtasari. Riwaya ikisema shilingi, wewe usiandike rupia. Ama mwandishi abadilishe, ama muhtasari useme tu "ujira".

Nahodha_wa_Shuka

Mimi nadhani mnamtesa binti. Kila riwaya ya kihistoria ina dibaji. Mwandishi anasema humo nini kakitoa wapi. Unanakili dibaji, kazi imekwisha.

BintiRondo

Dibaji ipo, ina aya moja. Imesema: "Riwaya hii imejengwa juu ya matukio ya kweli. Wahusika wote ni wa kubuni." Sasa Boheti je?

Mzee_wa_Mingoyo

Unaona Nahodha, dibaji hiyo haimsaidii mtu. Boheti bin Amrani alikuwepo. Alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji Waafrika pale Tendaguru, ametajwa na Wajerumani wenyewe waliofanya naye kazi, na mwaka 2007 mjusi mmoja katika mabaki ya Tendaguru alipewa jina lake, *Australodocus bohetii*. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mhusika wa kubuni. Na "matukio ya kweli" ni maneno mapana mno, yanabeba Maji Maji na yanabeba ugomvi wa hemani bila kuvitofautisha.

Huyu Boheti ndiye mfano wangu wa herufi mbili. Mtu ni K. Cheo chake ni K. Ustadi wake ni K. Maneno anayomwambia Janensch usiku hemani wakiwa wawili tu ni T, kwa sababu ili tuyajue ingebidi mmoja wao ayaandike. Hata kama kungekuwa na kumbukumbu kwamba wafanyakazi waliwahi kulalamikia ujira, hiyo ingethibitisha lalamiko, isingethibitisha mazungumzo yale.

Hatari yake ni kubwa kuliko ya kijana mpagazi. Msomaji akikutana na kijana anajua moja kwa moja ni wa hadithi. Akikutana na jina la mtu aliyeishi, anameza na maneno aliyowekewa mdomoni. Baada ya miaka kumi utakuta mtu ananukuu: "Kama alivyosema Boheti bin Amrani..." na Boheti wa watu hakusema. Ana ukoo, huenda wapo humu humu Lindi. Kumwekea maneno, hata ya kishujaa, ni jambo la kufanya kwa kutaja kwamba umemwekea.

Dada_Chuno

Samahani naingilia, mimi nipo Mtwara, nasoma fasihi. Nina kazi ya kuandika juu ya *Kinjeketile*. Je, nami nitumie K na T? Maana nimeandika kwamba Kinjeketile alikuwa na mashaka juu ya maji, mwalimu wangu akaniandikia "ushahidi?" kwa wino mwekundu.

Mzee_wa_Mingoyo

Mwanangu, hiyo ni tamthilia, lakini swali linafanana. Una bahati kuliko BintiRondo, kwa sababu Ebrahim Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mashaka ya moyoni mwake ni ya jukwaani. Ukiandika "Hussein anamchora Kinjeketile akiwa na mashaka", wino mwekundu utakosa pa kukaa.

BintiRondo

Nimekaa na kalamu tangu juzi. Maji Maji nimeweka K. Njaa K. Uchimbaji wa 1909 K. Mifupa kubebwa na wapagazi hadi Lindi K. Kijana T. Ugomvi wa hemani T juu ya mtu wa K. Mjusi mzima sijui. Sanduku kuzama ndipo nilipokwama kabisa, kwa sababu mzee anasema hilo hakutunga. Babu yake alikuwa mpagazi Tendaguru, na alimsimulia kwamba sanduku lilichukuliwa na maji watu wakiliona. Nilipomwambia "mwalimu, niandike ni ya kutunga?" alinyamaza, halafu akasema, "Unataka kumwita babu yangu mwongo."

Tukutane_Mikindani

Hapo sasa nami nasema kitu cha maana. Kwa nini Hennig akiandika iwe K, babu wa watu akisema iwe T? Mjerumani alikuwa amekaa hemani kivulini anaandika. Babu alikuwa na mzigo kichwani. Nani aliliona sanduku vizuri zaidi? Mkiweka sheria kwamba historia ni kilichoandikwa tu, basi historia ya Kusini yote itakuwa ya Wajerumani na sisi tutabaki hadithi.

Mzee_wa_Mingoyo

Tukutane, hilo ni swali zito na nakushukuru kulileta. Nakubaliana nawe zaidi ya nusu.

Hennig alichapisha kitabu chake juu ya Tendaguru mwaka 1912, kumbukumbu bado mbichi. Kwa tarehe, kwa mashimo, kwa mifupa gani ilitoka wapi, namtegemea. Kwa kile mpagazi alichofikiri, simtegemei, maana hakuwa na njia ya kukijua na mara nyingi hakuuliza. Wafanyakazi walifika takriban mia tano ulipofika mwaka 1911, na mifupa iliyosafirishwa hadi uchimbaji unakwisha mwanzoni mwa 1913 ilizidi tani 200. Kwa watu wote hao, majina tuliyobaki nayo ni machache sana. Kwa hiyo kumbukumbu kunyamaza juu ya jambo la mpagazi hakuthibitishi kwamba halikutokea.

Ndiyo maana sitaki sanduku lipewe T. Lipe herufi ya tatu, S, simulizi. Na S nayo ina masharti yake. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Maji Maji. Kilichoyafanya masimulizi yale yatumike hadi leo ni kwamba yaliandikwa nani kasema, wapi, lini, na alijuaje. Fanya hivyo hivyo. Kaa na mwalimu, mwombe asimulie habari ya sanduku bila kufungua riwaya. Andika babu alikuwa nani, alimsimulia mjukuu akiwa na umri gani, alisema aliona mwenyewe au alisikia kwa wenzake. Kisha linganisha na sura. Yaliyomo kwenye sura lakini hayamo kwenye simulizi, hayo ndiyo ya mwalimu.

BintiRondo

Nimerudi. Nilimfuata nyumbani jana jioni, nikamwomba asimulie tu. Kwenye riwaya sura ya sanduku ina kurasa tisa: mvua, mawimbi, Mjerumani anapiga kelele, kijana anajitosa majini anaokoa mfupa mmoja mdogo na kuuficha shambani kwao. Simulizi ya babu ilikuwa hivi tu, nimeinakili kama alivyosema:

"Babu aliniambia lilianguka likazama, ilikuwa mchana, jua kali. Walikatwa ujira watu wote waliokuwa zamu ile. Yeye hakuwepo zamu hiyo, kaka yake alikuwepo."

Mvua hakuna. Kuokoa mfupa hakuna. Na kukatwa ujira kwenye riwaya hakumo kabisa! Nikamuuliza kwa nini aliliacha. Akasema aliona litamfanya babu na kaka yake waonekane wanyonge.

Mzee_wa_Mingoyo

Binti, umefanya kazi ambayo wengi wenye digrii hawaifanyi. Tazama ulichopata. Sanduku kuzama na kukatwa ujira ni S, tena ni S ya kusikia kwa kaka, siyo ya kuona. Mvua, kelele, kujitosa na mfupa uliofichwa ni T. Na umegundua kitu ambacho kumkagua mwandishi kwa vitabu vya Wajerumani kusingekuonyesha kamwe: ubunifu wake hauko kwenye alichoongeza peke yake, uko pia kwenye alichokiacha.

Kama mwalimu ataridhia, ile karatasi ya simulizi itunze kwa jina na tarehe, iwe na maisha yake nje ya riwaya.

Kuhusu mjusi mzima: hiyo ni T, na ni muhimu uitaje. Yule aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 hakutoka mzima katika shimo moja. Sehemu kubwa ilitoka shimo walilolipa alama S II (hiyo S ni yao, isikuchanganye na yetu), mifupa mingine ni ya wanyama wengine wa aina hiyo, na palipopungua palijaziwa kwa vipande vya kutengeneza. Shujaa kumchimbua "kutoka kichwani hadi mkiani" ni uamuzi wa mtunzi. Na hiyo "mkubwa kuliko wote duniani" iondoe, maana siku hizi wanajulikana wakubwa kuliko yeye. Kama riwaya inasema hivyo mwaka 1937, iseme riwaya, usiseme wewe.

Nahodha_wa_Shuka

Sawa nimeelewa dibaji haitoshi. Ila swali la vitendo: kurasa mbili ni chache. Mkianza "hili K, hili S, hili T" kila sentensi, muhtasari utakuwa kama stakabadhi. Mchapishaji ataona hadithi saa ngapi?

Mzee_wa_Mingoyo

Herufi zinabaki kwenye pambizo ya rasimu, haziendi Dar. Kinachoenda Dar ni nathari. Binti, hebu andika upya ile aya yako ya kwanza tuione.

BintiRondo

Nimejaribu:

"Kijana wa Kimwera, yatima wa njaa iliyofuata vita vya Maji Maji, anaandikwa mpagazi mwaka 1909 pale Tendaguru, kilima kilichoko takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lindi. Uchimbaji huo ulifanyika kweli: Janensch na Hennig wa makumbusho ya Berlin waliuanza mwaka huo, miaka mitatu baada ya mhandisi Sattler kuripoti mfupa wa kwanza na miwili baada ya Fraas kuuchunguza. Mwandishi anawakutanisha Sattler, Fraas na Janensch katika asubuhi moja. Kijana anafundishwa kazi na Boheti, aliyejengwa juu ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Ugomvi wa Boheti na Janensch juu ya ujira ni wa riwaya. Kijana anachimbua mjusi mzima; mifupa iliyosimamishwa Berlin mwaka 1937 ilikusanywa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja. Sura ya sanduku linalozama bandarini imekuzwa kutoka simulizi ya familia ya mwandishi, ambaye babu yake alikuwa mpagazi Tendaguru. Kujitosa kwa kijana na mfupa anaouficha vimebuniwa."

Dada_Chuno

Dada, imekaa vizuri sana! Nimeona -na- na -li- zinavyofanya kazi. Nami nakwenda kurekebisha yangu.

Korosho_Daraja_la_Kwanza

Nzuri. Ila "kijana wa Kimwera" je? Wapagazi wote walikuwa Wamwera? Mimi bibi yangu wa Kimakonde alikuwa na habari za wajomba zake kwenda kubeba mifupa. Wayao pia walikuwepo huko ndani.

Mzee_wa_Mingoyo

Aya haisemi wote walikuwa Wamwera, inasema kijana huyu ni Mmwera, na kijana ni wa kutunga. Hapo ipo salama. Ingesema "Wamwera walibeba mifupa" ingekuwa imewafuta wengine. Korosho, habari za bibi yako nazo ziandike, kwa utaratibu ule ule aliotumia Binti.

Mimi nina neno moja tu kwenye aya. "Kuuchunguza" kwa Fraas: mfupa ule ule wa Sattler au eneo? Sema "kulitembelea eneo", usijifunge.

Tukutane_Mikindani

Mimi bado sijaridhika na kitu kimoja. Umeandika uchimbaji "ulifanyika kweli" kwa Wajerumani, na kwa babu umeandika "simulizi ya familia". Msomaji wa Dar atasoma la kwanza ni chuma, la pili ni udongo. Kwa nini usiandike "Kwa mujibu wa vitabu vya Wajerumani, uchimbaji ulianza 1909"? Waweke nao chanzo chao mezani kama ulivyoweka cha babu.

Mzee_wa_Mingoyo

Kwa uchimbaji wenyewe sikubali, maana mifupa ipo Berlin, mashimo yapo Tendaguru, na masimulizi ya pande zote mbili yanakubaliana kwamba watu walichimba. Jambo lenye ushahidi wa namna hiyo halihitaji "kwa mujibu wa". Lakini ingekuwa riwaya inaeleza tabia ya wapagazi, kwamba walikuwa wavivu au watiifu, na chanzo ni Mjerumani peke yake, hapo ningekuunga mkono kwa mikono miwili.

Tukutane_Mikindani

Na Boheti "msimamizi"? Hicho cheo nani kakitoa, yeye au wao?

Mzee_wa_Mingoyo

Wao. Nakubali, hilo lina uzito. Sijui kama kurasa mbili zina nafasi ya kulibeba.

BintiRondo

Nimelipigia mstari. Nimempelekea mwalimu rasimu, nikamsomea kwa sauti. Rupia amekubali kubadilisha, mkorosho unabaki. Dibaji ataondoa "wahusika wote ni wa kubuni" na kumtaja Boheti kwa jina kamili. "Vimebuniwa" kwenye sura ya sanduku amekubali kwa shida, ila anataka kukatwa ujira kuingie kwenye riwaya sasa, kwa hiyo sura hiyo anaiandika upya na mimi nasubiri niichape. Mchapishaji kanipa hadi mwisho wa mwezi. Mzee wa Mingoyo, sura ikibadilika, aya ya sanduku nitaileta tena hapa, kwa sababu kukatwa ujira kutakuwa S ndani ya tukio la S, na kaka wa babu sijajua bado kama nimtaje.

Mzee_wa_Mingoyo

Ilete. Kabla ya kumtaja kaka, muulize mwalimu kama kuna mtu mwingine wa ukoo aliyesikia habari hiyo kutoka kwa kaka mwenyewe, bila kupitia kwa babu. Akiwepo, nenda kwake kwanza, na usimweleze riwaya inasemaje mpaka amalize kusimulia.